Kurekodi skrini bila kuanika siri: nywila, arifa na vichupo vya faragha

Video za mafunzo zinazorekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye skrini ya simu au kompyuta zimekuwa njia ya kawaida ya watu kufundishana kazi: jinsi ya kutuma fedha, kujaza fomu ya serikali au kusoma daftari la kikundi. Kinasa cha skrini, hata hivyo, hakichagui. Hunasa somo lililokusudiwa pamoja na kila kitu kinachopita juu ya kioo kwa wakati huo, iwe ni namba ya siri, ujumbe wa benki au jina la tovuti ambayo mwenye simu asingependa ijulikane.

Simu za iPhone zilipata kinasa cha ndani mwaka 2017 kupitia toleo la 11 la mfumo wa iOS, na mfumo wa Android ukaweka chake rasmi katika toleo la 11 mwaka 2020. Kabla ya hapo mtu alilazimika kutafuta programu ya pembeni. Leo mguso mmoja unatosha kuanza, na mguso mwingine unatosha kusambaza. Video iliyotumwa asubuhi katika kundi la WhatsApp mjini Kampala huweza kutazamwa jioni Kisumu, Mwanza au Goma, na hapo aliyeitengeneza hana tena uwezo wa kuirudisha.

Makala haya yanaeleza siri hutoka kwa njia zipi katika rekodi ya skrini, kwa nini baadhi ya kinga zinazoaminiwa hazifanyi kazi iliyodhaniwa, na namna ya kujiandaa kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Mfano wa katibu wa kikundi

Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha akiba chenye wanachama pande zote mbili za mpaka wa Mutukula, kati ya Uganda na Tanzania. Katibu anataka kutengeneza video ya dakika nane yenye sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, kwa simu yake ya Android, ataonyesha jinsi ya kutuma mchango kwa menyu ya fedha za simu: *165# kwa wanaotumia MTN nchini Uganda, na *150*00# kwa wanaotumia Vodacom nchini Tanzania. Katika sehemu ya pili, kwa kompyuta ya Windows 11, ataonyesha jinsi ya kusoma jedwali la michango lililoko Google Sheets.

Akirekodi bila maandalizi, haya ndiyo yatakayoonekana. Menyu ya simu itamwomba namba ya siri, naye ataiandika. Katika menyu nyingi za aina hii tarakimu hazifichwi kwa vitone, huonekana wazi kama mtu anavyoandika namba ya simu. Muda mfupi baadaye utaingia ujumbe wa uthibitisho wenye kiasi kilichotumwa, jina la mpokeaji na salio lililobaki. Upande wa kompyuta, mtazamaji ataona vichupo vyote alivyoviacha wazi katibu, mapendekezo yanayoshuka chini ya upau wa anwani anapoandika herufi ya kwanza, na hatimaye jedwali lenyewe, likiwa na majina halisi ya wanachama, madeni yao, na kiungo kamili cha kulifungulia.

Hakuna kosa la ajabu hapo. Kila kimoja ni tabia ya kawaida ya kifaa. Ndiyo sababu kinga inatakiwa ipangwe kabla, wala si kutegemea wepesi wa mkono wakati wa kurekodi.

Nywila: vitone havitoshi

Watu wengi huamini kuwa nywila ikishageuka vitone imefichika. Katika rekodi ya simu hilo si kweli kila mara, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba simu nyingi za Android zina mpangilio unaoitwa "Show passwords", unaoonyesha kila herufi kwa kitambo kabla ya kuigeuza kitone. Kwa jicho la kawaida herufi hupita upesi. Kwenye video, mtazamaji husimamisha na kusoma moja baada ya nyingine. Mpangilio huo hupatikana katika sehemu ya usalama na faragha, na unapaswa kuzimwa.

Ya pili ni kibodi yenyewe. Kisanduku cha nywila chaweza kuwa na vitone vitupu, lakini kibodi iliyo chini yake huonekana ikiguswa. Kinasa cha Android kina chaguo la "Show touches on screen", ambalo huchora duara dogo kila mahali kidole kinapogusa. Chaguo hilo husaidia sana katika mafunzo, kwani mwanafunzi huona pa kubonyeza. Likiachwa limewashwa wakati wa kuandika nywila, huwa linamsomea mtazamaji herufi kwa mpangilio wake.

Ya tatu ni ukanda wa mapendekezo ulio juu ya kibodi. Maandishi yaliyonakiliwa hivi karibuni huweza kujitokeza hapo yakisubiri kubandikwa. Aliyenakili nywila kutoka kwenye daftari lake la simu, akaanza kurekodi muda mfupi baadaye, huweza kuikuta imeandikwa wazi juu ya kibodi kabla hajagusa chochote.

Programu nyingi za benki zina kinga ya ndani: huuambia mfumo wa Android usiruhusu kurasa zake kunaswa, na rekodi hutoka ikiwa nyeusi mahali hapo. Mwalimu anayeona weusi huo asidhani simu imeharibika. Lakini pia asiuchukue kuwa ahadi ya kila programu, kwani uamuzi huo ni wa aliyeitengeneza, na menyu ya *165# au *150*00# si programu ya benki.

Kanuni iliyo salama ni fupi: nywila na namba ya siri visiandikwe kabisa wakati kinasa kinafanya kazi. Mwalimu huingia kwenye akaunti kwanza, ndipo aanze kurekodi. Ikiwa kuingia ndiko somo lenyewe, hufika kwenye kisanduku, husema "hapa utaweka namba yako ya siri", kisha hukata rekodi. Sehemu inayofuata huwa rekodi nyingine, na vipande viwili huunganishwa baadaye.

Arifa: kunyamazisha si kuficha

Mpangilio wa "Do Not Disturb", ambao kwenye simu zilizowekwa Kiswahili huitwa "Usinisumbue", ndio wa kwanza kukumbukwa. Tatizo ni kwamba katika simu nyingi za Android kazi yake ya mwanzo ni kuzuia sauti tu. Simu haiiti, lakini arifa zinaendelea kuonekana. Ndani ya mpangilio huo mna chaguo jingine, "No visuals or sound from notifications", ambalo huzuia sauti pamoja na picha. Hilo ndilo linalotakiwa. Maneno yake hutofautiana kidogo kati ya kampuni moja ya simu na nyingine, hivyo jaribio ni muhimu kuliko jina: mtu aliye karibu atume ujumbe mfupi na wa WhatsApp wakati rekodi ya majaribio inaendelea, kisha video itazamwe.

Jaribio hilo lihusishe pia simu ya sauti. "Usinisumbue" huweza kumruhusu mtu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15, kwa kudhani kuwa ana dharura, na hapo jina lake litajaza skrini. Ruhusa hiyo hufungwa ndani ya mpangilio uleule.

Kwenye iPhone, "Focus" huzuia vidirisha vya arifa kushuka, na mpangilio wa "Show Previews" ukiwekwa "Never" hufanya arifa yoyote itakayopenya ionyeshe jina la programu bila maneno ya ujumbe. Somo lisilohitaji mtandao wa simu lina njia rahisi zaidi: hali ya ndege. Lakini ikiwa Wi-Fi imewashwa tena juu ya hali ya ndege, ujumbe mfupi na simu za kawaida kwa kawaida hazitaingia, ilhali WhatsApp na barua pepe zitaendelea kuingia.

Katika matoleo mapya ya Android kuna kinga iliyo bora kuliko hizo zote. Kinasa huuliza kama kirekodi skrini nzima au programu moja tu. Programu moja ikichaguliwa, arifa zinazoshuka juu yake hazimo katika video, hata kama mwenye simu anaziona. Toleo la 15, lililotoka mwaka 2024, liliongeza kuficha arifa zenye namba za uthibitisho pale skrini inaposhirikishwa na mtu aliye mbali. Kinga hiyo haifai kutegemewa kwa rekodi inayohifadhiwa kwenye simu yenyewe.

Kwenye Windows 11, vitufe vya Windows na N vikibonyezwa pamoja hufungua sehemu ya arifa, na alama ya kengele iliyo hapo huwasha "Do not disturb". Jambo linalosahaulika ni kwamba kompyuta nyingi zimeunganishwa na simu. WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kompyuta, au programu ya "Phone Link", huleta ujumbe wa simu mpaka kwenye kioo cha kompyuta, ukiwemo ule wenye namba ya uthibitisho. Programu hizo zifungwe kabisa, zisipunguzwe tu.

Vichupo: "Hali fiche" haifichi

Baadhi ya walimu hufungua dirisha la "Hali fiche", au "Incognito", kwa kuamini kuwa halitaonekana kwenye rekodi au kwamba halitabeba chochote cha zamani. Imani zote mbili zina kasoro.

Hali fiche imekusudiwa jambo moja: kivinjari kisihifadhi historia ya kurasa zilizotembelewa humo baada ya dirisha kufungwa. Haina kazi ya kumzuia mtazamaji. Kwenye kompyuta, kinasa hurekodi dirisha hilo kama jingine lolote. Kwenye simu za Android, Chrome kwa kawaida huzuia kunaswa kwa vichupo vya Hali fiche, na mwalimu aliyefundisha somo zima ndani yake huishia na video nyeusi yenye sauti tupu. Zaidi ya hayo, Hali fiche ya Chrome huweza kutumia alamisho na historia ya mwenye kompyuta ili kumpendekezea anwani. Akiandika herufi moja, jina la kliniki, la benki au la mwajiri mpya anayemwomba kazi laweza kushuka chini ya upau.

Kinachofaa ni wasifu wa mgeni. Katika Chrome ya kompyuta, mtu hubonyeza picha ya wasifu wake iliyo juu kulia na kuchagua "Guest". Dirisha linalofunguka halina historia, alamisho wala nywila zilizohifadhiwa, na likifungwa hufuta yaliyofanyika humo. Mwalimu anayerekodi mara kwa mara hufaidika zaidi kwa kutengeneza wasifu wa kudumu wa mafunzo, wenye akaunti ya barua pepe ya mafunzo pekee. Hapo hahitaji kukumbuka cha kuficha, kwa kuwa hakuna cha kufichwa.

Hatua inayofuata ni kupunguza eneo linalorekodiwa. Kitufe cha F11 hujaza ukurasa kwenye skrini yote na kuondoa vichupo pamoja na upau wa anwani. Katika OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi, kuna chanzo cha "Display Capture" kinachonasa skrini nzima, na cha "Window Capture" kinachonasa dirisha moja. Cha pili ndicho salama, kwa sababu dirisha jingine likitokea juu yake halinaswi. Kina upungufu wake: menyu zinazoshuka mara nyingine hazionekani kwenye video, kwani Windows huzihesabu kuwa madirisha tofauti. Ukanda wa juu wenye vichupo huweza kukatwa kwa kushikilia kitufe cha Alt na kuvuta ukingo wa picha kuelekea chini.

Katibu anarekodi upya

Katibu wetu sasa anaanza na jedwali, kwa sababu hilo ndilo lenye siri za wengine. Hatumii jedwali halisi, wala hanakili lile la zamani ili kufuta majina, kwani nakala hubeba pia kurasa zilizofichwa ndani yake. Anatengeneza jedwali jipya lenye wanachama watano wa kubuni, waitwao Mwanachama A hadi E, wenye michango ya mfano. Analifungua katika wasifu wa mafunzo, anabonyeza F11, kisha anachagua "Window Capture".

F11 ina faida ya pekee hapa. Kiungo cha Google Sheets hukaa chote kwenye upau wa anwani. Jedwali likiwa limefunguliwa kwa kila mwenye kiungo, mtazamaji mwenye subira anaweza kukinakili kwa mkono kutoka kwenye video na kuingia. Upau usipoonekana, mlango huo umefungwa.

Kwenye simu anazima "Show passwords", anawasha "Usinisumbue" isiyoruhusu picha wala sauti, na kumwomba jirani ampigie mara mbili na kumtumia ujumbe. Rekodi ya majaribio ya dakika moja inatoka safi. Anaanza kurekodi, anapiga namba ya menyu, anachagua kutuma fedha, na kuandika namba ya simu yake nyingine na kiasi kidogo. Kabla ya kuendelea anahakikisha kuwa jina linaloletwa kwa uthibitisho ni lake mwenyewe, si la mwanachama. Skrini inapoomba namba ya siri, haiandiki. Anakata rekodi, kisha anafuta muamala.

Maelezo yote anayarekodi baadaye kwa sauti pekee, kwa kuwa menyu hizi hujifunga zenyewe mtu akikawia kujibu. Mahali pa ujumbe wa uthibitisho anaweka picha yenye maandishi ya mfano aliyoyaandika mwenyewe: "Umetuma 5,000 kwa MWEKA HAZINA." Somo halikupungua chochote.

Ukaguzi na uhariri

Video hukaguliwa mara mbili kabla ya kutumwa: mara moja kwa kusikiliza, na mara moja bila sauti, macho yakifuata kingo za skrini peke yake. Video ya fremu 30 kwa sekunde huipa arifa ya sekunde nne jumla ya fremu 120. Hata herufi iliyoonekana kwa nusu sekunde ina fremu 15 za kusomeka. Katika programu ya VLC, kitufe cha E husogeza video fremu moja kwa moja. Mtazamaji mwenye nia mbaya ana uwezo huohuo: kwenye YouTube, video ikisimamishwa, kitufe cha nukta humpeleka fremu moja mbele.

Ikiwa kitu kimepenya, ni bora kurekodi upya kipande hicho. Isipowezekana, kifunikwe kwa kisanduku cheusi kisichopenyeka, kuanzia fremu ya kwanza kinapoonekana hadi ya mwisho. Ukungu na vipande vya mraba vya rangi havifai kwa maandishi. Hivyo huchanganya rangi za herufi bila kuzifuta, na mwaka 2020 ilitolewa hadharani programu iitwayo Depix iliyoonyesha kuwa maandishi yaliyofichwa kwa njia ya vipande huweza kurudishwa.

Tahadhari hiyo inahusu pia picha ya jalada la video. Mwaka 2023 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la aCropalypse katika kihariri cha picha za skrini cha simu za Google Pixel, na kasoro ya namna hiyo ikaonekana kwenye zana ya Windows 11. Picha iliyokatwa ilibaki na sehemu ya data iliyodhaniwa kuondolewa. Kasoro hizo zilirekebishwa, lakini marekebisho hayakusafisha picha zilizokuwa zimekwisha kusambazwa.

Siri ikishatoka

Wengi wakigundua kosa hukimbilia kufuta video. Hatua hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni kuifanya siri iliyotoka isifae tena, kwa kuwa nakala huenda zimekwisha kupakuliwa. Namba ya siri ya fedha za simu ibadilishwe papo hapo. Nywila ibadilishwe, kisha vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti vitolewe kupitia mipangilio ya usalama, kwa sababu aliyekwisha ingia huweza kubaki ndani hata baada ya nywila kubadilika. Kiungo cha jedwali kiondolewe ruhusa ya kila mtu. Namba ya uthibitisho ya mara moja huisha muda wake upesi, na kwa kawaida haihitaji hatua zaidi ya kuangalia kama kuna aliyeingia. Baada ya hayo ndipo video iondolewe na kupandishwa upya.

Yako yasiyobadilishika: jina la mwanachama, deni lake, namba yake ya simu. Kwa hayo kilichobaki ni kuwaarifu wahusika mapema, ili wajihadhari na watu watakaowapigia wakijifanya wanajua hesabu zao. Nchi za ukanda huu zinatambua uzito wa jambo hilo kisheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Kwa mujibu wa sheria hizo, taarifa za mtu mwingine si mali ya anayeshika daftari.

Kwa hiyo katibu anayeanza kwa kuandaa jedwali la majina ya kubuni amefanya kazi kubwa zaidi kuliko kuficha nywila yake. Nywila yake akiipoteza, ataweka nyingine jioni hiyohiyo. Jina la mwenzake halina mbadala.